Nywele zimetoka, matiti bado

*"Habari daktari. Niko Bombo, nina mabinti wawili na wote wananichanganya. Mkubwa ana miaka 14 na miezi mitatu. Nywele za chini ameshaota tangu mwaka jana, lakini kifua bado ni cha mtoto, na darasani ndiye mfupi kuliko wote. Shangazi yake anasema tumwache, nywele zikishatoka na mengine yanafuata. Mdogo ana miaka 7 na nusu, naye titi moja limevimba, ukiligusa analia. Majirani wameanza kusema amechezewa. Nianze na yupi?"*

Mama, anza na mkubwa, tena wiki hii. Najua mdogo ndiye anayekunyima usingizi, maana analia na majirani wanasema, wakati mkubwa hajalalamika. Lakini kati ya hao wawili, mwenye dalili nzito ni huyo aliyenyamaza. Na kinachonifanya niseme hivyo ni kilekile kinachomtuliza shangazi yake: nywele zipo.

Watu wengi huichukulia balehe kama mlango mmoja, kwamba ukifunguka vyote vinapita. Sivyo ilivyo. Matiti huletwa na homoni ya estrojeni, inayotoka kwenye ovari baada ya ubongo kuziamsha. Nywele za kinena, harufu ya kwapa na chunusi huletwa na homoni nyingine, za jamii ya zile za kiume, ambazo kwa msichana hutoka kwanza kwenye adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Adrenali huanza kazi kwa wakati wake bila kuzingoja ovari. Kwa hiyo msichana asiye na ovari zinazofanya kazi ataota nywele vilevile. Nywele zinakuambia adrenali zimeamka. Habari za ovari utazipata kwenye matiti tu.

Ndiyo sababu tunapompima msichana hatuandiki "amebalehe" au "hajabalehe". Tunaandika namba mbili, moja ya matiti na moja ya nywele, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Mpango huu unaitwa hatua za Tanner, kwa jina la daktari Mwingereza James Tanner, ambaye yeye na mwenzake Marshall walitoa maelezo yake kwa wasichana mwaka 1969, baada ya kuwafuatilia wasichana 192 miaka kadhaa.

Upande wa matiti, hatua ya kwanza ni kifua cha mtoto, chuchu peke yake. Ya pili ndiyo tunayoitafuta kwa makini: chini ya chuchu panatokea kitu kigumu kidogo, cha duara, kama kifungo cha shati, na lile duara jeusi la chuchu linaanza kutanuka. Katika ya tatu titi limekua kupita duara hilo, lakini ukilitazama kwa ubavu ni mwinuko mmoja laini. Katika ya nne duara na chuchu vinainuka juu ya titi kama kilima kidogo juu ya kilima kikubwa, na katika ya tano duara linarudi kulingana na titi, ikabaki chuchu tu imejitokeza. Wapo wanaoruka ya nne na wapo wanaobaki nayo hadi utu uzima, na si ugonjwa.

Upande wa nywele, ya pili ni nywele chache, nyembamba, kandokando ya midomo ya nje ya uke. Ya tatu ni nyeusi zaidi, nene zaidi, zimeanza kupanda juu ya kinena. Ya nne ni za mtu mzima ila eneo bado dogo, na ya tano zimefika mapajani. Wasichana wa Tanner walikuwa Waingereza, na maelezo yake yanazungumzia sana nywele kunyooka na kujikunja. Kwa watoto wetu mimi hutazama eneo zilikofika, maana nywele zetu hujikunja tangu mwanzo.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona kwenye kadi nyingi mno: hatua ya matiti imeandikwa kwa kutazama tu, mtoto akiwa amekaa. Mtoto mnene akikaa, mafuta ya kifua hujikusanya yakafanana na hatua ya tatu. Mlaze chali, bonyeza kwa ncha za vidole kuelekea chini ya chuchu. Mafuta yatateleza na vidole vitafika kwenye mbavu bila kukutana na kitu. Titi la kweli lina ile sahani ngumu, na mara nyingi mtoto atakuambia inauma. Kazi hii ni ya dakika mbili, ifanywe na muuguzi au daktari, mama ukiwa chumbani na mtoto mwenyewe akiwa amekubali.

Sasa umri. Msichana huanza kifungo cha titi kati ya miaka 8 na 13, na hedhi ya kwanza hufuata baada ya kama miaka miwili hadi miwili na nusu. Akifika 13 bila kifungo, achunguzwe. Akifika 15 bila hedhi, achunguzwe hata kama matiti yapo, na vilevile kama miaka mitatu imepita tangu kifungo na hedhi haijaja. Binti yako ana 14 na robo, namba ya nywele inaelekea kuwa 3 na ya matiti 1. Amepita mpaka kwa zaidi ya mwaka mzima. Kabla ya yote, hakikisha huo umri kwa kadi ya chanjo ya utotoni. Nimeshawahi kumhangaikia mtoto wa "miaka 14" ambaye kadi ilisema 12 na nusu. Alikuwa ameongezewa umri ili aingie shule mapema.

Nikueleze msichana mmoja niliyemwona, maana ndiye aliyenifunza kuogopa habari kama ya binti yako. Alikuwa na miaka 15 kamili, urefu sentimita 133. Baba yake alikuwa na 176, mama 160. Kwa msichana tunajumlisha urefu wa wazazi, tunatoa 13, tunagawa kwa mbili: ikaja 161 na nusu, na mtoto huweza kuwa chini au juu ya hapo kwa kama sentimita 8. Wa kwetu alikuwa chini kwa sentimita 28 na nusu. Ingawa bado alikuwa anakua, pengo la namna hiyo haliwezi kuitwa "ufupi wa ukoo". Nywele hatua ya 3, matiti hatua ya 1.

Kabla ya kufika kwangu alikuwa amepelekwa kliniki moja ya mtaani, nisiyoitaja, wakampa vidonge vya kupanga uzazi "vya kuleta hedhi". Mwezi wa pili akatoka damu. Nyumbani wakachinja kuku, binti amevunja ungo. Walipomaliza pakiti ya nne bila kununua nyingine, damu ikakoma, na kifua kilikuwa kilekile. Vidonge vile vina estrojeni ya kipimo cha mtu mzima pamoja na projesteroni tangu siku ya kwanza. Hutoa damu, ndiyo, lakini haviwezi kulea titi hatua kwa hatua, na estrojeni nyingi hivyo huharakisha mifupa kufunga. Kwa mtoto ambaye tayari ni mfupi, hiyo ni kumnyang'anya sentimita chache alizobakiwa nazo. Bado hasira hainiishi nikikumbuka, maana hakuna aliyempima hata urefu.

Nilipomtazama vizuri, alama zilikuwepo tangu kuzaliwa. Nywele za kisogoni zilishuka chini sana shingoni. Akinyoosha mikono, viganja vikitazama mbele, viwiko vilipinda kwenda nje. Mama yake akakumbuka kwamba alizaliwa na nyayo zilizovimba, wakaambiwa ni maji, yatakwisha. Masikio yalikuwa yakitoka usaha kila mwaka. Nikaweka kidole kwenye kinena kutafuta mapigo: yalikuwa dhaifu na yamechelewa ukilinganisha na ya mkononi. Presha ya mkono ilikuwa 138 kwa 88, ya mguu chini ya hapo.

Hiyo ndiyo picha ya sindromu ya Turner: msichana amezaliwa na kromosomu moja ya X mahali pa mbili, au ya pili ina kasoro. Humpata kama mtoto mmoja kati ya wasichana 2,500 wanaozaliwa. Ovari hukauka mapema, wengi hata kabla ya umri wa kubalehe, lakini adrenali ni nzima, na ndiyo maana nywele zilitoka kwa wakati. Yale mapigo dhaifu yalikuwa mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, ambao ulikuwa umebanwa, kasoro inayokuja na Turner mara nyingi kuliko kwa watoto wengine. Waliokuwa wakingoja kifua hawakujua kwamba wanangojea na moyo pia.

Vipimo havikuwa vingi. Eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, ili kusoma umri wa mifupa: ikasema 12. Damu ya homoni ya FSH, ile ambayo ubongo hutuma kuziamsha ovari: ikaja 86. Kwa mtoto ambaye ubongo wake bado umelala, FSH huwa chini sana. Ikipita 40, na ikirudiwa ikabaki huko, maana yake ubongo unapiga kelele na ovari haziitikii. Altrasaundi ilionyesha mfuko wa uzazi mdogo kama wa mtoto, na figo mbili zilizoungana kwa chini. Kisha ikaja hesabu ya kromosomu, ndiyo kipimo cha mwisho na ghali kuliko vyote, na si kila maabara inacho. Ndiyo sababu FSH hutangulia.

Baada ya moyo kushughulikiwa tulianza estrojeni halisi, nusu miligramu kwa siku. Watoto wengine huanza na robo. Kipimo kiliongezwa kidogo kila baada ya miezi sita. Kifungo cha kwanza kilitokea mwezi wa nne, na siku hiyo alikuja na mama yake bila miadi, kunionyesha. Projesteroni iliingia baada ya miaka miwili, siku 12 za kila mwezi, ndipo hedhi ya mpangilio ikaja. Urefu hatukuweza kuurudisha wote. Sindano za homoni ya ukuaji huanza kazi vizuri mtoto akiwa mdogo, na bei yake ni mzigo. Kwa kawaida estrojeni yenyewe huanzwa miaka 11 au 12, na yeye alikuwa na 15.

Sisemi binti yako ana Turner, maana sijamwona. Nasema nywele hatua ya 3, matiti hatua ya 1 na ufupi, vikikaa pamoja, vinadai FSH na eksirei ya mkono. Wala usikubali kuambiwa "anachelewa tu kama mama yake". Kuchelewa kwa ukoo kupo, na ni jambo la kawaida, lakini huko vyote huchelewa pamoja: matiti, nywele na mifupa. Ukimpima umri wa mifupa utakuta 10 au 11, FSH iko chini, na mama mtu alivunja ungo akiwa na 16. Vivyo hivyo kwa watoto ambao mwili unasubiri kwa sababu ya ugonjwa wa muda mrefu. Hapa kwetu Uganda wa kwanza kufikiria ni selimundu, kisha virusi vya ukimwi vilivyochelewa kutibiwa, kifua kikuu na utapiamlo. Msichana mwenye selimundu huweza kuchelewa miaka miwili hivi akafika salama. Hata hivyo naye akipita 13 bila kifungo tunampima, kwa kuwa kuwa na ugonjwa mmoja hakumzuii mtu kuwa na wa pili.

Na namba zikigeuka, matiti yakawa 4 au 5 huku nywele hazipo kabisa na hedhi haiji, hilo nalo si la kusubiri. Huenda mwili wake hauzisikii homoni za kiume, na ndani badala ya ovari kuna korodani. Mwingine ana matiti na nywele kamili ila kila mwezi tumbo linamsokota bila damu: huyo huenda njia imezibwa na damu inajikusanya ndani. Nayataja uone tu jinsi zile namba mbili zinavyoelekeza njia.

Njoo sasa kwa mdogo. Miaka 7 na nusu, titi moja, linauma. Kwanza kabisa: mtu yeyote akikuambia ni uvimbe wa kukatwa, mchukue mtoto mwondoke. Kifungo huanza upande mmoja mara nyingi tu, na cha pili hufuata baada ya miezi kadhaa. Kile kifungo ndicho titi lote la baadaye. Nimemwona mwanamke mzima mwenye kovu upande mmoja na kifua bapa, kwa sababu akiwa na miaka 9 "kivimbe" chake kilitolewa kwa kisu. Hakuna mbegu ya pili pale.

Pili, titi haliletwi na kuguswa. Majirani wako hawana hoja hapo. Ni imani ileile inayowafanya wasichana wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki kukamata wadudu wa majini wawang'ate chuchu ili matiti yatoke haraka: kinachotokea ni uvimbe wa kung'atwa, nao hupungua. Lakini damu ukeni kwa mtoto asiye na matiti ni habari nyingine kabisa. Hiyo apelekwe siku hiyohiyo, maana huweza kuwa jeraha, kitu kilichoingia, au kweli amedhuriwa.

Kwa kifungo kabla ya miaka 8 swali langu ni moja: je, kinakimbia? Kuna watoto wengi wanaoanza kwenye 7 na nusu, wakakaa hatua ya 2 mwaka mzima na zaidi, na hawahitaji dawa. Na kuna wachache ambao ubongo umeamka kweli, wanapanda hatua nzima ndani ya miezi sita. Hao hurefuka haraka, wazazi wakafurahi, kumbe mifupa inafunga mapema na mtoto mrefu wa leo atakuwa mtu mzima mfupi.

Kuwatofautisha kunaanzia mlangoni kwako. Msimamishe bila viatu, visigino vimegusa fremu ya mlango, weka kitabu kigumu juu ya kichwa, piga mstari kwa kalamu, andika tarehe. Rudia baada ya miezi mitatu, kisha sita, mlango uleule, saa za asubuhi. Mtoto ambaye hajaanza hukua sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akiongezeka 4 ndani ya miezi sita, hiyo ni kasi ya 8 kwa mwaka, ni ya balehe. Usihukumu kwa mstari wa miezi mitatu peke yake, maana kosa la nusu sentimita ni rahisi kulifanya.

Huku ukipima, angalia nyumbani kuna nini. Nauliza kila mara kuhusu krimu za kung'arisha ngozi, mafuta ya nywele yasiyojulikana yametengenezwa na nini, na vidonge vya uzazi vya mama vilivyoachwa mahali mtoto anapofikia. Vyote hivyo huweza kumwingizia estrojeni, na vikiondolewa titi hurudi.

Usingoje miezi sita kama anaumwa kichwa mara kwa mara, anaona vibaya, ametoka damu, au ana madoa makubwa ya rangi ya kahawia kwenye ngozi. Kama kifungo kingekuwa kimetokea kabla ya miaka 6 ningekuambia hivyohivyo, maana katika umri huo lazima tupige picha ya ubongo. Vinginevyo daktari ataanza na eksirei ya mkono. Mifupa ikiwa mbele ya umri wake kwa zaidi ya miaka miwili, atapima asubuhi homoni ya LH, mwenzake FSH ambayo nayo hutumwa na ubongo kwenda kwenye ovari, na urefu wa mfuko wa uzazi kwa altrasaundi. LH ikivuka 0.3 na mfuko ukapita sentimita 3 na nusu, ubongo umeamka, na kuna sindano ya kila mwezi au ya kila miezi mitatu inayousimamisha hadi umri unaofaa. Kuna kitu kimoja kinachogeuza picha hii: mtoto ana matiti lakini harefuki na mifupa iko nyuma. Hapo pimeni tezi ya thairoidi, kwa sababu ikilala sana huweza kuamsha matiti peke yake, na dawa yake ni vidonge vya bei nafuu.

Kwa hiyo wiki hii mpeleke mkubwa hospitali ya rufaa. Kama ni Mulago, uliza kliniki ya homoni za watoto. Beba kadi yake ya chanjo, urefu wako na wa baba yake, na umri uliovunja ungo wewe. Mwombe daktari mambo matatu kwa majina yake: presha ya mkono na ya mguu, eksirei ya mkono wa kushoto, na FSH. Kabla hamjatoka nyumbani, msimamishe mdogo mlangoni na upige ule mstari wa kwanza.